Bomba la Juu

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema hivyo. Mume wangu, Ditram, hunitania kwamba hata chumvi ya mezani naionja kwanza kwa ncha ya ulimi nihakikishe ni chumvi. Acha anitanie. Mimi ni afisa afya wa mazingira hapa Mikumi, na afisa afya anayeamini kila anachoambiwa huishia kuwauguza watu wengine kwa makosa yake.

Kiangazi hiki nililetewa jambo ambalo kila mtu alikuwa na uhakika nalo. Hapo ndipo roho yangu ilipoanza kukataa.

Dampo letu liko nje ya mji, kwenye njia ya kwenda Kisanga. Kulizunguka kuna mabomba matatu yaliyozamishwa ardhini mpaka kwenye maji. Si ya kunywa, ni ya kuchungulia; tunayaita visima vya uchunguzi. Kimoja kiko upande wa milimani, yanakotokea maji ya ardhini kabla hayajapita chini ya takataka. Hicho kinaitwa Juu. Viwili viko ng'ambo ya pili, ambako maji yanatokea yakishapita. Hivyo vinaitwa Chini ya Kwanza na Chini ya Pili. Akili yake ni nyepesi. Unapima Juu, unapima Chini, unalinganisha. Juu kikiwa safi na Chini kikachafuka, dampo linavuja.

Sasa balaa likawa kwamba Chini vyote viwili vilikuwa kama siku zote, ila Juu ndicho kilichochafuka. Na ukivuka vichaka vilivyo nyuma ya Juu unakutana na boma la Wamasai, la mama Nalotuesha na wanawe, lenye ng'ombe wengi na kisima chao cha kamba. Watu wakaifunga hesabu hapohapo. Mkandarasi wa dampo, Makarius, akapita ofisi hadi ofisi akisema yeye ndiye anayechafuliwa, kwamba kinyesi cha ng'ombe kinateremka na maji kuja kwake. Mtendaji akaitisha kikao cha Jumamosi, ajenda ikiwa moja tu: boma liondoke. Kilichobaki ni maelezo ya mtaalamu, na mtaalamu mwenyewe ni mimi. Nikisaini, familia nzima inafungasha. Na wilaya hii mnaijua. Mkulima na mfugaji wakitafutiana sababu, sababu yenye namba haiulizwi mara mbili.

Nilianza kumshuku Cornel. Cornel ni kijana mtaalamu wa maabara kutoka Morogoro, anakuja kila baada ya miezi mitatu kuchukua maji, na anayemlipa ni Makarius. Mkono mtupu haulambwi. Nikajisemea, huyu anajaza chupa zote bombani kwake nyumbani, halafu anaandika anachoagizwa. Basi safari hii nikamwambia naenda naye, na naenda na chupa zangu.

"Karibu sana dada," akasema. "Shikamoo."

"Marahaba. Usinikaribishe, sijaja kutembea."

Tulianza na Juu. Ndivyo utaratibu ulivyo: unaanza na kisima unachokiamini ni kisafi zaidi, unamalizia na kichafu, ili vifaa visibebe uchafu kutoka kimoja kwenda kingine. Cornel akafungua kifuniko chekundu, akateremsha futi yake ile inayolia ikigusa maji, akasoma kwenye mdomo wa bomba maji yako kina gani. Nikainama kuhakikisha anasoma anachokiona. Niliinama mpaka kiuno kikanilia, kwa sababu bomba lenyewe ni fupi.

Kisha akaanza kupampu na kumwaga. Nikamuuliza mbona anayamwaga maji tuliyoyafuata.

"Haya yamelala ndani ya bomba, dada. Yalikwishachacha humu. Nataka yale ya ardhini yenyewe." Akaendelea mpaka bomba likawa limebadilisha maji kama mara tatu, na mita zake, ya joto, ya uchachu na ile ya kupima chumvi kwa umeme, zikaacha kuhangaika na kutulia. Ndipo akajaza chupa. Ya vijidudu ilikuwa imechemshwa maabara, hakuigusa mdomo. Ya madini aliyachuja maji kwanza, halafu akatia matone ya asidi ili madini yasigande ukutani mwa chupa. Nyingine ya amonia, ikatiwa asidi yake. Akafungua na chupa moja ya maji safi ya maabara, akaimimina palepale kwenye chupa nyingine. Ile ikirudi na uchafu, basi uchafu ni wa mikono yetu. Zote zikaingia kwenye deli la barafu.

Sikuona kosa. Nilikasirika kidogo, maana nilikuwa nimeshajiandaa kumshika.

Muda wote huo jenereta ilikuwa inaunguruma nyuma ya boma. Ni ya Nassir, mwenye vitunguu. Mwaka jana alichimba kisima kirefu, akazamisha pampu, na tangu hapo eneo lile ni kijani kiangazi kizima. Nilimsikia, wala sikumfikiria.

Tulipokuwa tunafunga, mama Nalotuesha akaja na birika la chai ya maziwa na vikombe. Ni mkubwa kwangu, nikamwamkia, akaitikia. Akanimiminia kikombe. Nikasema ahsante mama, nimeshiba. Sikuwa nimeshiba. Jumamosi nitatoa maelezo kuhusu ng'ombe wake, leo ninywe chai yake? Watu wangesema nimelainishwa.

Akakirudisha kikombe taratibu. "Unaogopa maji yangu."

"Siogopi, mama. Niko kazini."

"Mnapima bomba lenu kila siku. Kisima changu mnapima lini?"

"Hakimo kwenye mpango," nikamjibu. Ni kweli hakimo. Mpango unataja visima vitatu. Akaniangalia namna mtu anavyomwangalia mgeni anayemhesabia mifugo, akaondoka na birika lake.

Cornel akapeleka chupa zake, mimi nikapeleka zangu maabara nyingine, kimyakimya. Majibu yalipofika, nikayaweka mezani pamoja. Yalifanana. Na ile chupa ya maji ya maabara ilirudi safi. Kijana alikuwa mwaminifu kama alivyozaliwa, na Juu kilikuwa kichafu kweli.

Nikawa sina budi kusoma majibu badala ya kumsoma mtu.

Cha kwanza kuangalia ni kloraidi, chumvi ya kawaida tu. Hiyo haina sumu ya maana, ila ndiyo mtangulizi. Udongo hauishiki, inakwenda na maji, kwa hiyo ndiyo inayobisha hodi kabla ya wengine. Katika Juu ilikuwa imepanda safari nne mfululizo. Ikipanda mara moja unaweza kusema ni chupa, ni mvua, ni bahati mbaya. Mara nne, na ukilinganisha na ilivyokuwa kisima kilipochimbwa, huo ni mwendo. Lakini mkojo wa ng'ombe nao una chumvi. Makarius alilijua hilo na alikwishalisema.

Nikashuka mstari. Amonia imepanda. Chuma kimepanda, na manganizi pia. Naitreti, karibu hakuna kabisa.

Hapo nikaweka kalamu chini.

Kinyesi cha ng'ombe hukaa juu ya ardhi, kwenye hewa. Kinapozama kwenye udongo mkavu kama ule, amonia yake hukutana na hewa ikageuka naitreti. Kwa hiyo kisima kilichoingiliwa na ng'ombe hujaa naitreti. Lakini chini ya lundo la takataka hakuna hewa. Mvua ikishapita humo yanatoka maji meusi, sisi kazini tunayaita chai ya rangi, na ndani yake amonia inabaki amonia, naitreti haipo, na chuma kinayeyuka kutoka ardhini kwa sababu hakuna hewa ya kukizuia. Nilichokuwa nakisoma hakikuwa ng'ombe. Kilikuwa chai ya rangi.

Nikampigia Cornel.

"Hata mimi nimeona," akasema, kwa sauti ya mtu aliyetamani asingeona. "Ila dada, Juu kiko juu. Nimepima kina cha maji visima vyote vitatu. Maji ya Juu yamesimama shubiri mbili kuyazidi ya Chini, kama yalivyokuwa tangu mwanzo. Maji hayapandi mlima."

"Sawa hayapandi. Huo mlima umeupimaje?"

"Kila bomba mdomo wake ulipimwa urefu toka usawa mmoja siku lilipowekwa. Natoa kina ninachosoma, kinachobaki ndio usimamo wa maji. Hesabu ya darasa la sita."

Hesabu ilikuwa sahihi. Ndiyo iliyonikera. Nilikaa na hasira nyumbani jioni ile, Ditram akiniuliza kama nimegombana na mboga. Namba za maji zinasema dampo, namba za kina zinasema haiwezekani, na aliyezichukua zote hadanganyi. Basi kuna kitu kinachodanganya bila kuwa na mdomo.

Na nilipolitamka hilo neno, mdomo, kiuno kikanikumbusha. Niliinama sana pale Juu. Kwa nini niliinama? Mwaka nilipohamia hapa, mhandisi alitutembeza dampo zima kwenye jua, nami nikaegemeza mkono juu ya bomba lile lile nikipumzika. Mtu haegemei bomba linalomfika chini ya goti.

Asubuhi nikaenda peke yangu. Bomba lilikuwa limepakwa rangi vizuri, jekundu, na kifuniko kimekaa sawasawa. Nikapitisha kidole mdomoni: kulikuwa na meno ya msumeno. Nikamwita mzee Simoni, mlinzi wa dampo, aliyekuwa anafukuza nyani kwenye magunia.

"Mzee wangu, shikamoo. Bomba hili lilikatwa lini?"

"Marahaba. Masika ya mwaka jana. Greda la bosi lililigonga likapinda. Akaja fundi akaikata ile sehemu iliyopinda, akarudishia kifuniko, akapiga rangi. Likapendeza kuliko zamani."

"Mlimwambia nani?"

Mzee akashangaa kweli. "Tumwambie nani, mama? Si linafungika?"

Huyo ndiye Mswahili kwa kupendezesha. Kitu kikifunga na kikiwa na rangi, kimepona. Sikuweza hata kumkasirikia. Nilifungua simu nikatafuta mchoro wa siku bomba lilipowekwa: kimo chake juu ya sakafu ya zege kimeandikwa. Nikapima kilichobaki. Zilipungua shubiri tatu.

Sasa ifuate hesabu pamoja nami, ni fupi. Mdomo umeshuka shubiri tatu, lakini Cornel bado anatumia urefu wa zamani. Kwa hiyo kila anaposoma, maji ya Juu yanaonekana yamesimama shubiri tatu zaidi kuliko yalivyo. Yeye aliyaona yako shubiri mbili juu ya Chini. Ukweli ni kwamba yalikuwa shubiri moja chini yake. Juu kilikuwa chini. Maji yalikuwa yanatoka dampo kwenda bomani, wala hayakupanda mlima wowote.

Na kilichoyavuta kilikuwa kinaunguruma palepale masikioni mwangu.

Nassir hakufurahi kuniona. "Mnataka nini tena? Mnataka vitunguu vyangu vife ili Wamasai wapone?"

"Nataka uizime pampu Ijumaa, uende msikitini na kazi ipumzike. Basi."

"Ukishaona unachokitafuta, utaniruhusu kuwasha?"

Nikaangalia vitunguu vyake, akaelewa. Alizima hata hivyo, na hilo nitamshukuru daima. Cornel akakaa pale Juu na futi yake tangu asubuhi. Kufika alasiri maji ndani ya bomba yalikuwa yamepanda, kidole kwa kidole, bila tone la mvua. Akanitazama kijana wa watu, jasho likimtoka, akasema, "Dada, nimekuwa napima kwa utulivu kitu kilichokatwa." Tukamleta na mtu wa ujenzi na mashine yake ya usawa, akapima upya midomo yote mitatu. Ikawa vilevile.

Ubaya wa mkasa huu ni jinsi makosa mawili yalivyofichana. Pampu iliyashusha maji ya Juu karibu shubiri tatu, na msumeno ukayapandisha shubiri tatu kwenye karatasi. Namba ikabaki ileile, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Kama Makarius alilijua hilo, sijui. Aliapa kikaoni kwamba ni greda tu. Mimi bado namshuku, na nitaendelea.

Kikao chenyewe hakikuchukua muda. Makarius alisema namba zangu ni za kuwalinda wafugaji. Nikamwomba aeleze naitreti imekwenda wapi, kama ni ng'ombe. Akasema yeye si mtu wa maabara. Nikamwomba basi aeleze shubiri tatu za bomba zimekwenda wapi, maana hilo halihitaji maabara. Watu wakacheka, akakaa. Ikaamuliwa boma lisiguswe, pampu ya Nassir isimame, kichimbwe kisima kipya cha kulinganishia mbali kule maji yanakotoka kweli, na mpaka hapo vyote vipimwe kila mwezi badala ya kila miezi mitatu, kina kwanza, na kimo cha bomba kikaguliwe kabla ya kina.

Nilitoka pale nikiwa na furaha, kusema kweli. Nilinyoosha moja kwa moja kwa mama Nalotuesha, nimpe habari mimi mwenyewe kabla hajazisikia barabarani.

Nikamwamkia. Nikamwambia hamhami. Nikamwambia si ng'ombe wenu, ni dampo, na imethibitika mbele ya watu. Aliingia ndani akatoka na birika na kikombe, akanimiminia chai. Sasa hakukuwa na kikao cha kuogopa, wala maneno ya watu. Nikakipokea kwa mikono miwili.

Kikafika karibu na mdomo, kikasimama.

Aliona. Wale watu wanaona ng'ombe anayeugua kabla mwenyewe ng'ombe hajajua.

"Mbona hunywi?"

"Mama," nikasema, "maji ya dampo yalikuwa yanavutwa na pampu ya Nassir. Yanatoka dampo, yanapita Juu, yanaelekea kwa Nassir."

"Na mimi niko katikati."

"Ndiyo, mama. Msinywe tena, wala watoto, mpaka tupime."

Akakichukua kikombe mikononi mwangu, akakimwaga chini polepole. Kisha akamwaga na birika zima.

"Bomba lenu lilianza lini kuwa baya?"

Ningeweza kumzungusha. "Lilianza mwaka jana. Tuliona chumvi inapanda."

"Mwaka jana." Aliwaangalia wajukuu wake wawili wakicheza na ndama pale mlangoni. "Tangu mwaka jana mnabishana nani kachafua. Mimi nilikuwa nakunywa."

Kushuku kwangu kote, kwa Cornel, kwa Makarius, kwa futi na kwa bomba, na sikuwahi kuishuku ile chai. Nilidhani inataka kuninunua.

Nikaenda kwenye gari nikachukua mita na chupa. Mama Nalotuesha akanifuata kisimani, akateka mwenyewe, ndoo ya kwanza akamwaga, ya pili, ya tatu, kama alivyomwona Cornel akifanya. Ya nne akaniwekea mbele. Yalikuwa maji meupe, hayana harufu. Nikatumbukiza mita ya chumvi. Namba ikaanza kupanda, nikangoja itulie.

Ilipita ilipopaswa kusimama. Ikaenda ikatulia karibu na pale ilipotulia ile ya Juu.

"Inasemaje?" akaniuliza.

Nikamwambia.